Asilimia 96 ya Sloti Imekaa Wapi?

Mchezaji akiona RTP 96% kwenye sloti ya mtandaoni, hudhani akiweka shilingi 10,000 ataondoka na 9,600, bahati ikiwa ya kawaida. Hesabu haiko hivyo. Tuifungue kwa sloti ndogo ya mfano.

Ina magurudumu matatu, kila moja lina nafasi kumi: almasi moja, nyota mbili, machungwa matatu, ndimu nne. Michanganyiko yote ni 10 × 10 × 10, yaani 1,000. Picha tatu za aina moja zikipangana, unalipwa. Ndimu tatu hupatikana kwa njia 64, kila njia ikilipa mara 3 ya dau: jumla 192. Machungwa ni njia 27 kwa mara 8: 216. Nyota ni njia 8 kwa mara 30: 240. Almasi ni njia moja tu, inayolipa mara 312. Jumlisha, unapata 960. Gawanya kwa 1,000, ndiyo asilimia 96.

Itazame vizuri ile almasi. Peke yake imebeba pointi 31.2 kati ya 96. Mtu akizungusha mara 200 usiku mmoja, uwezekano wa kutoiona kabisa ni takriban asilimia 82. Kwa wasioiona, marejesho ya wastani ni kama asilimia 65. Hawakuibiwa, fungu lao limo kwenye zawadi ya mtu mwingine. Ndiyo maana sloti mbili zenye RTP sawa zaweza kumaliza salio kwa kasi tofauti kabisa: inategemea zawadi zimegawanywa vipi, na RTP haisemi lolote juu ya mgawanyo huo.

Wala haiahidi fidia. Kila mzunguko huamuliwa na namba mpya ya nasibu, isiyojua kilichotangulia. Aliyeliwa mara 300 mfululizo ana nafasi ileile ya almasi, moja kati ya 1,000, sawa na aliyeanza sasa hivi.

Kisha, ile asilimia 4 inayobaki kwa kasino hukatwa kwenye jumla ya madau, wala si kwenye pesa uliyoingiza. Weka 10,000, cheza dau la 200 mara 500, ukizirudisha mezani pesa unazoshinda: umecheza madau ya 100,000. Asilimia 4 yake ni 4,000, asilimia 40 ya mtaji wako, na hiyo ni kwa wastani. Ukiendelea, hasara inayotarajiwa inakua tu.

Jambo la mwisho linanisumbua kuliko yote, kwa sababu wengi hawalijui: mchezo mmoja huweza kuwa na matoleo kadhaa. Book of Dead ya Play'n GO inajulikana kwa 96.21%, lakini lipo pia toleo la 94.25%, na mengine ya chini zaidi. Kasino ndiyo huchagua. Picha na muziki ni vilevile. Namba ya kuamini ni ile iliyo kwenye ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe, katika kasino unayochezea.