Zamu ya Zahanati na Hila ya Wakati

Ikiwa serikali imekwisha kukata shauri kupeleka huduma ya sonona katika zahanati zote za wilaya, nayo haina wakufunzi wa kuzifikia zote kwa mara moja, uhaba huo waweza kugeuzwa kuwa kipimo, kama ilivyofanywa Gambia kuanzia 1986 chanjo ya homa ya ini aina ya B ilipoingizwa timu baada ya timu: kila zahanati huanza ikingoja, huvuka ikifika zamu yake, wala hairudi nyuma.

Tuchukue mfano wa zahanati 12, makundi manne ya tatu tatu, na vipindi vitano vya miezi mitatu, ambapo katika kipindi cha kwanza zote hungoja, na kila kipindi kifuatacho kundi moja huvuka, hata cha tano kikute zote zimekwisha kupata. Zamu hupangwa kwa kura, kwani mganga mkuu akiachiwa hiari aghalabu atatanguliza zahanati zenye wauguzi wa kutosha, na ubora zilizokuwa nao tangu awali ukahesabiwa kuwa ni athari ya huduma.

Lakini kura haiondoi hila ya wakati. Tuseme huduma haifai kitu, ila mavuno yamekuwa mema, na wastani wa alama za PHQ-9 unashuka kila mahali kipindi kwa kipindi, 14, 13, 12, 11, kisha 10. Kwa kuwa waliokuwa wakingoja wamejaa katika vipindi vya mwanzo na waliopata wamejaa katika vya mwisho, wastani wa wangojao utakuwa 13 na wa waliopata 11, na huduma isiyo na faida itasifiwa kwa alama mbili. Dawa yake ni kuwalinganisha walio katika kipindi kimoja, na ndivyo afanyavyo mchanganuzi akikipa kila kipindi kiwango chake, kwa mfano wa hesabu ya Hussey na Hughes ya 2007.

Hata hivyo hesabu hiyo hudhani kwamba athari ni ileile tangu mwezi wa kwanza, ilhali mshauri wa sonona huimarika kwa mazoezi. Athari ikiwa inakua, zahanati zilizotangulia hutumika bila kukusudiwa kuwa kipimo cha zile zinazovuka sasa. Na kwa kuwa zile za kwanza zingali zikisonga mbele, hizi mpya huonekana kama zimezorota, hata jibu likapungua mno, na yamkini likageuka kinyume cha ukweli.

Basi mchanganuzi na akadirie athari mbalimbali kwa muda uliopita tangu kila zahanati ivuke. Makadirio hayo yakipanda ngazi baada ya ngazi, tarakimu moja ya jumla haitoshi tena kuwa jibu.