Tundu Moja la Kofia

Kofia ya mkono, ile ya vitundu inayoshonwa Unguja na Lamu, mara nyingi ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Kamera ikitegeshwa ovyo, mwanafunzi ataona vidole vikihangaika na hataona mshono hata mmoja. Ndiyo maana namheshimu mpiga video anayeweza kunionesha tundu moja likizaliwa, tangu kitambaa kinapotobolewa mpaka ukingo wote unapozungushiwa uzi.

Mtu huyo huanza na taa. Ikimulika kutoka mbele, weupe wote hulala sawa. Akiishusha ubavuni, karibu usawa wa kitambaa, kila uzi hutupa kivuli chembamba na mshono ukainuka. Nyuma ya kitambaa huweka kipande cheusi ili tundu lijitokeze. Simu ikisogezwa karibu mno, picha hupoteza ukali na kivuli chake huangukia kazi, kwa hiyo hurudi nyuma kidogo na kutumia lenzi ya kuvuta. Kisha huifunga fokasi kwenye ukingo wa tundu, maana ikiachwa huru huifuata sindano kila inapopita. Mwanga nao huupandisha mwenyewe, kwani kamera inayojipimia hugeuza cheupe kuwa kijivu. Lakini huacha kabla nyuzi hazijapotelea kwenye weupe.

Pembe yake ni ya juu, nyuma ya bega la mshonaji. Anayerekodi kutoka mbele humpa mtazamaji mikono iliyogeuzwa, na mwanafunzi akiiga hivyo hivyo atazungusha uzi upande usio wake.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi anavyoufupisha muda. Akipiga picha moja kila sekunde 10, kisha akaziendesha 25 kwa sekunde, saa nzima ya kushona huwa sekunde 14 na nukta chache. Hesabu ni nzuri, ila mshonaji huigeuzageuza kofia mkononi, na video huruka kama iliyokatwa vibaya. Mpiga video hodari huiacha saa akafuata matundu: kila moja likikamilika, kitambaa hulazwa mezani palepale palipowekwa alama, picha ikapigwa, kazi ikaendelea. Hapo ua zima huchanua tundu kwa tundu, bila kutikisika. Naye hufupisha tu kile alichokwisha kukionesha polepole.

Uzi unapoisha katikati ya tundu, wengi hukata pale, kwa kudhani hakuna kinachotendeka. Yeye hurudi kwenye mwendo wa kawaida, akakisogelea kitambaa na kukigeuza upande wa ndani, tuone ncha ya uzi wa zamani ikipitishwa chini ya mishono na mpya ikianzia hapo hapo. Asiyeliona hilo hufunga fundo, na fundo likilegea kofia inapofuliwa, ukingo wa tundu huanza kufumuka.