IDM-VTON: Fulana Imegeuka Shati la Kitenge!

Jamani, njooni muone! Nimeupa mfumo huu picha ya kijana aliyevaa fulana nyeupe ya mikono mifupi, nikaongeza picha ya shati la kitenge la mikono mirefu, na kijana yuleyule akarudi amelivaa! Maua ya kitenge yanafuata mikunjo ya kifua kana kwamba alipigwa picha hivyo. IDM-VTON ni mfumo wa akili mnemba uliotoka mwaka 2024, umejengwa juu ya SDXL, na unaweza kuujaribu kwenye kivinjari.

Raha yake kubwa kwa anayeanza ni kwamba unaviona vitu vitatu vikifanya kazi tatu tofauti.

Maski inasema wapi. Ni picha ya rangi mbili: penye weupe panachorwa upya, penye weusi panabaki. Ili niupime mpaka huo, niliondoa tiki kwenye `Use auto-generated mask` nikapaka juu ya fulana peke yake. Shati likatoka zuri ajabu, ila mikono yake ikakatika palepale fulana ilipoishia! Nikapaka hadi karibu na viganja, na mikono mirefu ikateremka yote. Basi paka eneo litakalofunikwa na nguo mpya, siyo la nguo ya zamani tu.

Picha ya mfano inasema nguo ipi hasa: maua, rangi, kola, vifungo. Ukiandika tu "shati la kitenge la rangi ya chungwa", vitenge vya aina hiyo havina idadi. Picha ndiyo inayokuchagulia kimoja. Itandaze nguo kwenye mwanga wa kutosha, kwa sababu kola iliyojikunja mfumo utaibuni.

Prompti, yaani maelezo ya maandishi, inasema kitu hicho ni nini. Niliandika `long sleeve button-up shirt`, na ndani kwa ndani mfumo hutanguliza `model is wearing`. Kwa maneno hayo mfumo unajua kuwa ile safu ya katikati ni vifungo na zile pande mbili ni mikono. Lakini angalieni: maneno `long sleeve` yalikuwepo hata kwenye jaribio la maski ndogo, na hayakuurefusha mkono hata kidogo!

Kuna gharama moja. Kilichokuwa chini ya weupe wa maski hakihifadhiwi, na watengenezaji wenyewe wamesema michoro ya mwilini na madoa ya ngozi hupotea.

Kwa hiyo nguo ikikatika, rekebisha maski. Maua yakibadilika, tafuta picha bora ya nguo. Shati likitoka kama koti, andika upya prompti. Usiguse vyote kwa pamoja!