Namna ya Kuupima Utenzi wa Vita vya Dini

Misafara ya akina Tippu Tip ilipokileta Kiswahili Kasongo katika karne ya 19, huko pwani zilikwishakuwapo tenzi ndefu za dini zilizotungwa zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Na ule wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo bin Athumani kule Pate, ni wa mwaka 1728. Msikilizaji wa bara, awe Kasongo au Kabambare, akisomewa utenzi wa namna hii, maneno mengi yatampita. Walakini asivunjike moyo, kwani lugha hiyo ya kale humpita hata mtu wa Unguja, na hukumu ya kwanza juu ya utenzi hutolewa na sikio kabla ya kamusi.

Ubeti wa utenzi ni vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, ambacho hubadilika katika kila ubeti. Kipande cha nne kina kina chake, nacho hakibadiliki toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, hata ubeti ukiwa wa elfu. Nitunge mmoja kwa ajili ya mfano, juu ya safari ya jeshi la Mtume kwenda Tabuki:

Jua kali likiwaka,
na vumbi likitimka,
jeshi halikugeuka,
mbele wakaendelea.

Hesabu silabi kwa vidole, utapata nane kila mahali. Sasa mtu akisema katika kipande cha tatu «jeshi halikupumzika», maana yapendeza, lakini mizani zimekuwa tisa, kwa sababu ile «m» ya katikati yajitegemea. Na msomaji mwenye sauti atalazimika kuimeza, na hapo ndipo wasikilizaji huinua vichwa. Hata ubeti wangu uliotimia hesabu si wa kujivunia: vina vyake vitatu vyote ni vitenzi vya «-ka», na vitenzi vya Kiswahili hupatana miisho bila taabu. Malenga wa haki huchanganya, akatia jina la mtu, la silaha au la mahali penye kina, ili sikio lisijue mapema litakalofuata.

Baada ya sauti, tazama mafunzo yamewekwa wapi, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Twaa vita vya Uhudi vya mwaka 625, ambavyo Haji Chum alivitungia utenzi uliochapwa mwaka 1962. Kisa chenyewe kimebeba somo ndani yake: Mtume aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdallah bin Jubairi, akawaamuru wasiondoke, jeshi lishinde au lishindwe; maadui walipoanza kukimbia, wengi wao wakateremka kuwania ngawira, naye Khalid bin Walid, ambaye siku zile hajasilimu, akauona mwanya akazunguka kwa nyuma na farasi wake; Waislamu wapatao 70 wakauawa na Mtume mwenyewe akavunjika jino.

Mtungaji dhaifu, akifika penye kushuka kilimani, husimamisha vita akahubiri beti ishirini juu ya ubaya wa tamaa, na Khalid anangoja juu ya farasi hata mahubiri yaishe. Mtungaji hodari huitia ile amri mapema, kwa kinywa cha Mtume, kwa maneno machache yatakayokumbukwa. Kisha huisahaulisha kwa panga na mikuki. Na saa ya mtihani inapofika huwaacha wapiga mishale wabishane wenyewe, huyu akisema vita vimekwisha, na Abdallah akiwakumbusha agizo, ubeti kwa ubeti. Msikilizaji anayeijua amri huwaona wanaondoka na moyo wake wamkataza. Naam, somo limekwisha kufika, na mahubiri ya nini tena?

Usiupime utenzi kwa tarikhi peke yake. Wanachuoni wa sira wasema kuwa jeshi la Mtume lilipofika Tabuki mwaka 630 halikukutana na jeshi la Warumi, wala vita havikupiganwa. Lakini katika utenzi wa Tambuka, ambayo ndiyo Tabuki hiyo, kuna mapigano makubwa dhidi ya Herakli, mfalme wa Warumi. Hilo si taksiri ya utungo, maadamu ushujaa unaosimuliwa una sababu na una gharama. Ila shujaa anayewaua maadui beti mia bila kuchoka wala kujeruhiwa, huyo naona anachosha, hata akiwa Seyyidna Ali.

Mwisho kabisa tazama tamati, ambapo aghlabu mtungaji hutaja jina lake, mwaka na idadi ya beti, akaomba asamehewe makosa. Idadi hiyo ihesabu mwenyewe: ikipungua kuliko alivyosema, mnakili ameruka ubeti, nawe utafute palipokatika, aghlabu ni katikati ya majibizano, ambapo mtu hujibu neno ambalo hakuambiwa.