Ndoo ya sabuni na karatasi ya pH: rangi isomwe lini

Sabuni nyingi ya maji inayouzwa kwenye madumu na chupa zilizotumika, kuanzia Goba hadi Temeke, hutengenezwa uani. Mali ghafi zake zinajulikana: salfoniki, soda ashi, slesi, chumvi ya kuongeza uzito, kisha rangi na manukato. Salfoniki ni asidi kali. Soda ashi ndiyo inayoizima. Watengenezaji wengi hupima mwisho wa kazi hiyo kwa vidole: sabuni ikiteleza na isipowasha, imeiva. Wachache hutumia karatasi ya pH, ile inayobadilika kutoka nyekundu hadi zambarau. Hao wachache wako kwenye njia sahihi, lakini wengi wao huisoma mapema mno. Uchambuzi huu unahusu kosa hilo.

Tuanze na karatasi yenyewe. Imelowekwa kwenye mchanganyiko wa rangi kadhaa na kukaushwa, na kila rangi hugeuka katika eneo lake. Methili nyekundu huacha wekundu na kuwa njano kati ya pH 4.4 na 6.2. Bromothimoli ya buluu hutoka njano kwenda buluu kati ya 6.0 na 7.6. Thimoli ya buluu hugeuka mara mbili, kwenye asidi kali na tena kwenye alkali. Mchanganyiko maarufu wa aina hii ulipewa hataza mwaka 1933 kwa jina la Mjapani Yamada. Jicho linaona jumla ya rangi hizo: nyekundu kwa asidi kali, chungwa kwenye 3 hadi 4, njano kwenye 5 hadi 6, kijani kwenye 7, kijani cha kubuluu kwenye 8, kisha buluu na zambarau. Kwa karatasi ya 1 hadi 14, jicho makini hupata namba nzima moja, si zaidi.

Sasa tuchukue ndoo. Ina kilo 1 ya salfoniki ya asilimia 96 ndani ya maji yanayofikisha lita 20. Kwa hesabu ya kemia, asidi hiyo inahitaji takriban gramu 156 za soda ashi. Yeyusha gramu 200 kwenye maji kidogo, kisha ongeza maji hadi yafike lita 2. Hapo kila mililita 100 zina gramu 10. Vaa glavu, mimina polepole huku ukikoroga, kwa sababu mchanganyiko utafura kwa mapovu ya kaboni dayoksaidi.

Ukishamimina gramu 120, karatasi bado ni nyekundu. Ukifika 150, bado ni nyekundu au inakaribia chungwa, pH kati ya 2 na 3. Mtu asiyejua hudhani soda ashi ni mbovu, na hapo humwaga kikombe kizima. Ukweli ni kwamba kila namba ya pH ni tofauti ya mara kumi. Hata ikibaki asilimia 1 tu ya salfoniki, ndoo husoma karibu na 3. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika bila rangi kusogea, kisha gramu chache za mwisho zinabadilisha kila kitu. Kwa hiyo ukishafika gramu 150, ongeza mililita 50 kila mara, yaani gramu 5, koroga vizuri, kisha pima.

Hapa ndipo mapovu yanapoingia kwenye hesabu. Kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka majini ni asidi dhaifu. Mara tu baada ya kumimina, ndoo imejaa gesi hiyo, na karatasi inaweza kuonyesha njano, 5 au 6, wakati salfoniki yote imekwisha. Mtengenezaji huona bado kuna asidi, anaongeza tena, na tena, mpaka aone kijani. Kesho yake gesi imetoka, bikaboneti iliyobaki inajitokeza, na karatasi ileile inasoma 9. Sabuni imevuka lengo, na mikono ya muoshaji wa vyombo ndiyo itakayojua.

Dawa yake ni subira yenye utaratibu. Karatasi ikitoka chungwa kwenda njano, acha kumimina. Koroga, iache ndoo wazi mpaka mapovu yatulie, hata kama ni hadi asubuhi, kisha pima upya. Rangi ikipanda yenyewe bila kuongezwa kitu, hiyo ilikuwa gesi. Ikibaki kwenye njano au chungwa, hiyo ni asidi kweli, na gramu 5 nyingine zina haki ya kuingia. Lengo ni kijani hadi kijani cha kubuluu, yaani 7 hadi 8, katika vipimo viwili vilivyopishana kwa saa kadhaa.

Namna ya kupima nayo ina masharti. Pima kabla ya kutia rangi ya sabuni. Kijani cha dukani kikishaingia, hujui unasoma rangi ipi. Usiushike upande wa kipimo kwa vidole. Chota tone kwa kijiti safi, liweke juu ya karatasi, na usome kwa muda ulioandikwa kwenye kasha, maana karatasi ikikauka rangi hubadilika. Simama kivulini mchana. Taa ya njano huficha tofauti ya njano na kijani, na hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta. Povu zito likizuia kusoma, ongeza maji kidogo kwenye tone, lakini uyapime maji hayo kwanza.

Maji yenyewe ni sababu ya kutoazima vipimo vya jirani. Maji ya kisima mara nyingi yana bikaboneti, nayo hula asidi. Lita 20 zenye miligramu 300 za bikaboneti kwa lita hufanya kazi sawa na gramu 5 hivi za soda ashi. Salfoniki nayo hutofautiana nguvu. Ndiyo maana gramu 156 ni mahali pa kukaribia, na karatasi ndiyo inayoamua mwisho.

Karatasi nayo huharibika kwa unyevu na mvuke wa kemikali, hivyo ifungwe kwenye kasha lake, mbali na salfoniki. Ijaribu kwa vitu viwili vya jikoni: maji ya limau yasome 2 hadi 3, na bikaboneti safi ya mapishi iliyoyeyushwa majini isome karibu 8. Isitumike kwenye dawa ya kung'arisha yenye klorini. Huifuta rangi ya karatasi na kuiacha nyeupe, na weupe huo si namba.

Kuna jambo moja karatasi haitakuambia: kiasi cha kurekebisha. Inaonyesha upande uliopotokea tu. Ukivuka hadi 9, rudisha kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, kidogo kidogo, ukisubiri gesi kama mwanzo.

Anayetengeneza kila wiki anunue karatasi ya eneo dogo, ya kama 5.5 hadi 9, ambayo hutenganisha hadi nusu namba. Lakini hata iliyo bora kabisa, ikisomwa wakati mapovu yanapanda, itamdanganya. Sabuni isiingizwe kwenye chupa kabla ya kipimo cha pili.