Taarifa ya "Uko Njiani" na Maulizo Yasiyojibiwa

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika lugha ya kila siku kwa njia ya simu za mkononi, hapana lililokwisha kutoa faraja ya bure kuliko sentensi hii fupi: "Mzigo wako uko njiani." Sarufi yake haina dosari. Kasoro yake imo katika maana, nayo huonekana pale taarifa hiyo hiyo inapobaki juu ya kioo siku tano, siku saba, siku tisa bila kubadilika, na mwenye mzigo akaamua kuuliza.

Kitenzi "uko" hueleza hali iliyopo sasa. Chombo kinachotoa taarifa hakiijui hali ya sasa. Kinalolijua ni tukio lililokwisha pita: kwamba namba ya mzigo ilisomwa na mashine mahali fulani, siku fulani, saa fulani. Kwa hiyo msomaji wa Kibaha anayeona "uko njiani" tangu Jumatatu hudhani kwamba gari limekwama, au kwamba mzigo umelala ghalani. Taarifa haikusema lolote kati ya hayo. Imesema tu kwamba tangu Jumatatu hapana mtu aliyeisoma namba ile.

Kutosomwa kuna sababu zake, na anayetaka kuuliza vizuri hana budi kuzijua. Posta haisafirishi vifurushi kimoja kimoja. Huvikusanya katika mfuko, mfuko ukafungwa kwa lakiri na kupewa kibandiko chenye namba yake wenyewe. Tangu hapo inayosomwa njiani ni namba ya mfuko, na vifurushi vilivyomo ndani hukaa kimya mpaka mfuko ufunguliwe. Kimya cha namna hiyo ni cha kawaida, hata kikichukua siku kadhaa za kungojea ndege. Kimya kinachofuata baada ya mfuko kufunguliwa ni kingine kabisa, kwani hapo kila kifurushi kimekwisha pita mkononi mwa mtu. Anayeuliza, basi, aanze kwa kutazama kimya chake kimefuata tukio gani, kabla hajahesabu siku.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa Kisarawe anangojea kifurushi cha vitabu kilichotumwa kwa rejista kutoka Maskati tarehe 3 Machi. Namba yake ina herufi mbili, tarakimu tisa, na mwishoni herufi OM, yaani nchi kilikotoka. Tarehe 6 Machi taarifa yasema "umeondoka". Kisha kimya cha siku tano, ambacho ni kimya cha mfuko. Tarehe 11 Machi taarifa yasema "umefika". Mwalimu anapanda gari kwenda posta ya Kisarawe, anaambiwa hakuna kitu. Siku tisa zinapita, neno ni lile lile.

Umefika wapi? Katika orodha ya matukio ya Umoja wa Posta Duniani kuna kufika kwa namna mbili zinazohusika hapa. Tukio la EMD ni kufika katika ofisi inayopokea mifuko kutoka nchi za nje, ambayo kwa mfano wetu iko Dar es Salaam. Tukio la EMG ni kufika katika ofisi itakayomkabidhi mwenyewe. Mfasiri aliyeyapa yote mawili neno "umefika" amefuta tofauti ambayo mwenye mzigo aliihitaji kuliko nyingine yoyote, na nauli ya mwalimu imekwenda bure kwa sababu ya kiambishi cha mahali kilichokosekana.

Kati ya EMD na EMG kuna forodha, na hapo lugha yetu imeteleza mara ya pili. Tukio la EDB husema kwamba kifurushi kimepelekwa mbele ya forodha. Tukio la EME husema kwamba forodha imekishika. La kwanza ni hatua ya kawaida. La pili huenda likamtaka mpokeaji alete ankara au alipe ushuru. Yakiandikwa yote "umezuiliwa na forodha", anayesoma la kwanza huingiwa na hofu bila sababu, na anayesoma la pili hukaa akingoja ilhali yeye ndiye anayengojwa.

Sasa tuitazame barua ya ulizo. Wengi huandika hivi: "Mzigo wangu haujasogea kwa siku tisa, naomba mfuatilie." Karani hufungua ukurasa ule ule alioufungua mteja, akasoma, akajibu: "Uko njiani." Kosa la barua ni kwamba limeuliza juu ya mwendo, jambo ambalo daftari la posta haliandiki. Daftari huandika makabidhiano. Mwalimu wetu angeandika: "Kifurushi namba fulani kilisomwa mara ya mwisho Dar es Salaam tarehe 11 Machi, tukio la EMD. Je, kilikabidhiwa forodha? Kama ndiyo, tarehe gani, na kuna hati inayotakiwa kwangu? Kama sivyo, kimo katika mfuko upi kuja Kisarawe, na mfuko huo ulifungwa lini?" Maswali haya hayajibiki kwa "uko njiani". Humlazimu karani kuinuka na kutazama orodha ya mifuko.

Neno "kufuatilia" nalo limebebeshwa mno. Mashine hufuatilia, mteja hufuatilia, karani hufuatilia, na wakili pia. Katika shughuli hii yafaa tutenge "kuulizia" na "kudai". Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani huyatenga: posta ya nchi mwanachama inawajibika kupokea ulizo juu ya kifurushi cha rejista hata kama kilitumwa kutoka nchi nyingine, bila malipo, mradi liletwe ndani ya miezi sita tangu siku inayofuata ile ya kutumwa. Ulizo hilo huandikwa katika fomu ya CN 08. Kwa hiyo mwalimu ana nafasi hadi mwanzoni mwa Septemba, na karani anayemwambia "mwambie aliyekutumia aulize huko huko" amechanganya ulizo na dai. Fidia, kwa kawaida, ni haki ya mtumaji, isipokuwa amwachie mpokeaji. Kuuliza hakuna mipaka hiyo. Wasafirishaji binafsi wa vifurushi hawafungwi na mkataba huu. Masharti yao yasomwe nyuma ya hati ya usafirishaji.

(Anayetuma mzigo kwa basi kutoka Kibaha hana namba ya kusoma popote, lakini ana stakabadhi na jina la konda. Ulizo lake huanza kwa "nani anao?", nalo ndilo swali bora.)

Twapendekeza basi kwamba "uko njiani" iachwe, na badala yake iandikwe "umesomwa", pamoja na mahali na tarehe: "Umesomwa Dar es Salaam, 11 Machi." Watakaosema ni ndefu wahesabu maneno. Kwa EMD iandikwe "umepokelewa nchini", kwa EMG "umefika posta ya kuchukulia", kwa EDB "umepelekwa forodha". Ofisi inayopokea mifuko ya nje imeitwa na baadhi ya wafasiri "ofisi ya mabadilishano", jina linalomfanya msomaji adhani vitu hubadilishwa humo. "Ofisi ya makabidhiano" yaelekea kufaa zaidi, ingawa wapo watakaosema kwamba kila ofisi ya posta hukabidhi.