Rangi ya Waridi Inayorudi

Mashamba mengi ya mahindi magharibi mwa Kenya, Kakamega na Uasin Gishu yakiwemo, yana udongo ambao pH yake imeshuka chini ya 5.5. Ng'oa mhindi uliodumaa humo, uoshe mizizi, utakuta ncha fupi, nene, zisizo na vijizizi vyembamba. Hapo alumini imefanya kazi yake. Dawa inajulikana: chokaa ya kilimo, yaani mawe ya kalsiamu kaboneti yaliyosagwa, kama yale yanayochimbwa Koru. Mimi humvulia kofia yule mtu wa maabara anayeamua iwekwe kiasi gani.

pH peke yake haimwambii. Chukua hekta moja, kina cha sentimita 20, robo ya ujazo wake ikiwa maji. Hayo ni lita 500,000. Kwa pH ya 5, asidi yote iliyoyeyuka katika maji hayo inamalizwa na gramu 250 za kalsiamu kaboneti: robo kilo, kwa shamba zima! Ilhali mkulima huambiwa anunue tani kadhaa.

Asidi iliyobaki imejishikiza kwenye udongo wenyewe. Chembe za mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi, kwa hiyo huvuta ayoni zenye chaji chanya: kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na, mvua zikishachukua hizo kwa miaka mingi, alumini na hidrojeni. Ayoni hizi hazijagandishwa; moja huachia nafasi ikija nyingine kwa wingi. Ukiondoa asidi kwenye maji, chembe zinatoa nyingine kujaza pengo.

Fundi wetu anautumia ubadilishanaji huohuo kuikamata alumini. Anapima gramu 10 za udongo mkavu uliochekechwa, kisha anapitisha juu yake, kidogo kidogo, maji ya potasiamu kloridi. Potasiamu inazisukuma alumini na hidrojeni, zinadondoka chupani. Anatia matone ya fenofthalini, halafu sodiamu haidroksidi tone baada ya tone mpaka rangi ya waridi isimame. Hapo amepata jumla ya asidi, lakini hajajua alumini ni ngapi. Anaizima rangi kwa tone la asidi, kisha anamimina sodiamu floridi. Floridi inaing'ang'ania alumini na kuziachia huru haidroksidi zilizokuwa nayo. Waridi inarudi yenyewe, kana kwamba chupa imejibu. Sasa anadondosha asidi ya haidrokloriki ya nguvu ya moli 0.02 kwa lita, polepole, akitikisa, hadi rangi ife tena. Akisoma mililita 10, udongo ule una sentimoli 2 za chaji ya alumini kwa kila kilo. Tone moja la haraka mwishoni hapa huwa kilo kadhaa za chokaa shambani.

Hesabu inayofuata ni fupi. Udongo wa hekta ile una uzito wa kilo milioni 2 hivi, na kila sentimoli moja inahitaji tani 1 ya kalsiamu kaboneti safi. Sentimoli 2, tani 2. Fundi huzidisha kwa 1.5, kwa sababu pH ikipanda mboji nayo huanza kutoa hidrojeni iliyokuwa imeificha: tani 3. Chokaa ya sokoni ikiwa na nguvu ya asilimia 85, inakuwa tani 3.5 kwa hekta, karibu magunia 29 ya kilo 50 kwa ekari.

Shambani, kaboneti ndiyo inayoua asidi: inachukua hidrojeni na kugeuka maji na hewa ya kaboni dioksidi. Alumini inapoteza chaji na kuwa mashapo yasiyodhuru mzizi, na kalsiamu inakalia nafasi zilizoachwa. Ndiyo maana jasi, ingawa ina kalsiamu tele, haipandishi pH. Haina cha kumeza hidrojeni.

Chokaa haiyeyuki upesi wala haitembei. Punje kubwa kama mchanga hukaa miaka bila kufanya kitu, kwa hiyo unga laini ndio wa kununua, na tone la siki likiufanya utoe povu, kaboneti imo. Umwagwe wiki kadhaa kabla ya kupanda na uchanganywe kwa jembe hadi sentimita 20. Ukiachwa juu, alumini ya chini haitajua kama kuna kilichotokea. Na asiongeze mtu magunia kwa tamaa. pH ikipita 7, zinki hufungika, na majani machanga ya mahindi hutoa mistari mipana myeupe karibu na shina.